Ukituma jiko ocha, tuma na njia ya moshi

Kila Desemba utawaona kwenye stendi za mabasi, vijana wa mjini wanaoelekea ocha wakiwa na katoni moja kubwa iliyofungwa kwa kamba. Ndani mna jiko jipya la kuni, lile la chuma na udongo ambalo muuzaji amesema linatumia kuni kidogo na halina moshi. Mathe anapigwa picha akiwa amelishika, picha inapanda mtandaoni, marafiki wanapongeza. Januari kijana anarudi mjini akiamini kwamba ile kazi ya kukohoa jikoni imeisha.

Sisi tunasema haijaisha. Jiko hilo ni kitu kizuri na aliyelinunua amefanya jambo la maana. Lakini kama limewekwa katika jikoni lile lile lililofungwa, likapikiwa kwa kuni mbichi zile zile, na mafiga ya zamani bado yanawaka pembeni, mapafu ya mathe hayataona tofauti kubwa. Tuna sababu za kusema hivyo, na baadhi zilipatikana hapa hapa Kenya.

Usidhani hii ni hadithi ya watu wachache. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya hutegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia. Gesi ilikuwa kwa asilimia 23.9. Kwa hivyo hata kama wewe hapo Umoja au Bamburi unawasha gesi kwa kiberiti na chai inachemka kwa dakika tano, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekulea bado anainama juu ya moto wa kuni asubuhi, mchana na jioni.

Tuanze na moshi wenyewe. Ule unaouona na unaokutoa machozi si ndio mbaya zaidi. Kinachoumiza mapafu ni chembe ndogo sana zilizomo ndani yake, zile ambazo programu za hali ya hewa kwenye simu huziandika PM2.5. Maana yake ni chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, yaani unywele mmoja wa kichwa chako ni mpana kuzishinda zaidi ya mara 20. Vumbi la barabarani lenye punje kubwa hunaswa puani na kooni, unalitoa ukipenga kamasi. Chembe hizi hupita hapo zote, zinashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, mahali ambapo damu inachukua oksijeni.

Mwili una askari wake huko chini, seli za kumeza uchafu, na una vinyweleo vidogo kwenye njia za hewa vinavyofagia makohozi kwenda juu. Mtu akivuta moshi siku moja, ufagio huo unatosha. Akivuta kila siku kwa miaka 20 au 30, ufagio unachoka, njia za hewa zinavimba na kutoa makohozi mengi, kisha zinaanza kupata makovu na kuwa nyembamba. Hapo ndipo unamsikia shosho akipanda kilima kidogo cha kutoka mtoni na kusimama mara tatu. Watu wanasema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Moshi jikoni hauko sawa muda wote. Unapanda ghafla moto unapowashwa, kuni mpya zinapoongezwa, kuni zinapochokorwa, na sufuria inapotolewa. Na ni nani yuko hapo kila moja ya nyakati hizo, ameinamisha uso hatua moja kutoka kwa moto? Mpishi. Majid Ezzati na Daniel Kammen, pamoja na wenzao, walipima haya mwishoni mwa miaka ya 1990 katika vijiji vya Mpala, Laikipia. Waligundua kwamba kwa watu wa nyumbani wanaoshiriki kupika, kati ya asilimia 31 na 61 ya moshi wote wanaovuta hutokana na nyakati hizo fupi za moshi mkali. Kwa wale wasiopika, nyakati hizo zilichangia asilimia 11 au chini yake.

Ndiyo maana baba mwenye nyumba anaweza kuishi katika boma moja na mkewe kwa miaka 40, wakala chakula cha sufuria moja, na kifua kikaharibika cha mmoja tu.

Watafiti hao hao walitoa matokeo mengine mwaka wa 2001 katika jarida la Lancet, na haya ndiyo kiini cha tahariri yetu. Walifuatilia magonjwa ya kupumua katika nyumba hizo za Laikipia na kuyalinganisha na kiasi cha moshi ambacho kila mtu alikuwa akivuta. Kama ungetarajia kwamba moshi ukipungua nusu, ugonjwa pia unapungua nusu, sivyo ilivyokuwa. Hatari ilipanda kwa kasi moshi ulipoanza kuongezeka kutoka kiwango cha chini. Lakini ulipopita maikrogramu kati ya 1,000 na 2,000 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kasi hiyo ilipungua. Juu ya hapo, moshi zaidi uliongeza hatari kidogo kidogo tu.

Fikiria mtu aliyenyeshewa hadi akalowa chapachapa. Mvua ikipungua nusu, bado amelowa. Ili akauke lazima mvua ikate karibu kabisa, au apate mahali pa kujikinga. Ndivyo yalivyo mapafu ya mpishi. Ukitoa moshi kutoka 4,000 hadi 2,000 umefanya kazi kubwa, macho yatapumzika, kuni zitapungua, lakini kifua kitakuwa bado ndani ya mvua. Faida kubwa ya afya iko chini kabisa, na huko hufiki kwa kununua kitu kimoja dukani.

Wenzetu wa Malawi walilijaribu hili kwa kiwango kikubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, familia za vijiji 150 zilihusika, zikiwa na watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Nusu walipewa majiko ya kisasa yenye feni ndogo inayopuliza moto, nusu wakaendelea na mafiga. Watafiti walitarajia nimonia ipungue kwa watoto. Haikupungua. Idadi ya wagonjwa ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Majiko yalikuwa yakiharibika na kuhitaji fundi, watu waliendelea kutumia moto wa wazi kwa mapishi mengine, na nje kulikuwa na moshi mwingine wa takataka na wa majirani. Kuna jambo zuri moja lililoonekana: watoto walioungua moto walipungua. Lakini kifua hakikusikia habari.

Je, tukate tamaa? Hapana, kwa sababu ya akina mama 552 wa jimbo la Michoacán, Mexico. Huko wengine walijengewa jiko linaloitwa Patsari, la udongo na matofali, lenye bomba la kutoa moshi nje ya paa. Mwanzoni matokeo yalionekana kama ya Malawi: ukilinganisha waliopewa na wasiopewa, tofauti haikuonekana. Ndipo watafiti wakauliza swali la pili: ni nani hasa analitumia? Asilimia 30 tu ya waliojengewa walisema hilo ndilo jiko lao kuu. Na kwa wale waliolitumia kweli, nguvu ya kupuliza hewa ilipungua kwa mililita 31 kwa mwaka, wakati kwa waliobaki kwenye moto wa wazi ilipungua kwa mililita 62. Mara mbili.

Weka habari hizi mbili pamoja na utaona kwamba kuna maswali mawili ambayo katoni ya dukani haiyajibu. La kwanza, moshi unaobaki unatoka wapi? La pili, je, mathe atapikia hapo kila kitu, au ataweka chai kwenye jiko jipya na ugali wa watu kumi kwenye mafiga?

Tulijibu la kwanza polepole, maana hapa ndipo pesa kidogo zinafanya kazi kubwa.

Moshi wa moto ni hewa moto, na hewa moto inapanda. Ikifika kwenye paa bila kupata mlango, inaanza kujaa kutoka juu kwenda chini, kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, ila hii ndoo imepinduliwa. Inajaa hadi kufika kwenye tundu la kwanza linaloiruhusu kutoka. Kama tundu la pekee ni mlango, basi moshi utashuka hadi ukingo wa juu wa mlango ndipo uanze kumwagika nje. Mtu akisimama, kichwa chake kiko ndani ya moshi. Hii ndiyo sababu wapishi wa zamani hupika wakiwa wamekaa kwenye kigoda. Si uvivu, ni akili.

Unaweza kuisoma habari hii ukutani bila kifaa chochote. Ingia jikoni mchana moto ukiwa umezimwa na utazame masizi. Yataanza juu, meusi ti, kisha kutakuwa na mstari ambapo weusi unaisha na ukuta unaanza kuonekana. Mstari huo ndio kina cha moshi katika siku za kawaida. Kama uko usawa wa kifua cha mathe akiwa amesimama, basi unajua anachovuta. Ukirudi baada ya kufanya marekebisho, paka chokaa ukuta huo na uone mstari mpya utakapojichora.

Kwa hivyo tundu linalosaidia ni lile la juu. Dirisha dogo la katikati ya ukuta husaidia kidogo, tena mara nyingi limezibwa kwa gunia. Kinachohitajika ni mwanya kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, wenye upana wa kama shubiri moja, au paa lililoinuliwa kidogo pale kwenye kilele ili moshi utoke huku mvua ikizuiwa. Pia lazima pawe na hewa ya kuingia kutoka chini, mlango wazi au matundu karibu na sakafu, kwa sababu moshi hauwezi kutoka kama hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake.

Kabla hujaanza kutoboa ukuta wa watu, uliza kwanza kwa nini umefungwa. Watu wa nyumbani si wajinga. Mwanya hufungwa kwa sababu ya mwizi wa sufuria, kuku, paka wa jirani, baridi ya Julai, au upepo unaotawanya ndimi za moto. Wengine wanautaka moshi makusudi: unakausha mahindi yaliyotundikwa darini, unafukuza mbu, na unazuia wadudu kula nyasi za paa. Kila sababu ina jibu lake. Wavu wa waya unazuia kuku na mwizi na kupitisha moshi. Upepo unazuiwa kwa kuweka mwanya upande usiopigwa na upepo. Mahindi yanaweza kuhamishiwa kwenye ghala. Lakini usipouliza, wiki moja baada ya wewe kuondoka, mwanya utakuwa umejazwa matambara.

Hatua inayofuata baada ya mwanya ni kuukamata moshi pale unapozaliwa. Kuna bomba la moshi lililojengwa pamoja na jiko, na kuna kofia ya moshi, yaani mabati yaliyokunjwa kama faneli kubwa iliyopinduliwa, ikaning'inizwa juu ya moto na kuunganishwa na bomba linalotoboa paa. Shirika la Practical Action, wakati huo likiitwa ITDG, liliwahi kufanya kazi na akina mama wa Kajiado na wa magharibi mwa Kenya kutengeneza kofia kama hizo. Uzuri wake ni kwamba mpishi habadilishi jiko. Mafiga yanabaki, sufuria kubwa inabaki, kuni ndefu zinabaki, ila moshi una njia.

Bomba lina masharti. Mdomo wake wa juu lazima upite kilele cha paa kwa kama nusu mita au zaidi, la sivyo upepo ukigonga paa utausukuma moshi urudi ndani. Liwe na kifuniko cha mvua. Kwenye paa la nyasi, bomba la moto lisiguse nyasi kabisa. Weka mkono mpana wa bati au udongo kulizunguka, na kama fundi hajui kufanya hivyo, usimruhusu aguse paa. Na bomba hujaa masizi. Lisipofagiliwa kwa brashi au kwa tambara lililofungwa kwenye mti mrefu, kila mwezi au miezi miwili, linaziba. Dalili yake ni rahisi: subiri moto ushike kwa dakika kumi, bomba likiwa limepata joto. Kama moshi bado unatokea mdomo wa mbele wa jiko, njia imeziba au ni fupi mno.

Tuje sasa kwenye jiko lenyewe. Majiko mengi mazuri ya kuni yanafanya mambo mawili: yanafungia joto karibu na moto ili moshi wenyewe uungue kabla haujatoka, na yanaelekeza ndimi za moto chini ya sufuria. Jiko la Upesi, ambalo wengine huliita jiko kisasa, ni chombo cha udongo uliochomwa kinachozungushiwa matope na mawe pale pale jikoni. Jiko la roketi lina mdomo mdogo chini na mnara mfupi ndani, na kuni hulala juu ya kibao kidogo ili hewa ipite chini yake. Yote mawili yanapunguza kuni, na hilo si dogo kwa mtu anayezibeba mgongoni. Ila angalia: yote mawili kwa kawaida hayana bomba. Moshi uliobaki unaingia humo humo jikoni.

Halafu kuna jinsi yanavyotumika. Jiko la roketi ukilijaza kuni hadi mdomo ukazibwa, umelinyima hewa, na linatoa moshi kama mafiga au hata zaidi. Kuni ziwe zimepasuliwa, unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, ziingie mbili au tatu tu, ncha zake ndizo ziwake, na zisukumwe polepole. Hiyo ni kazi ya kupasua kuni ambayo haikuwepo zamani. Nani ataifanya? Kama jibu ni mathe huyo huyo akiwa na shoka, usishangae akirudi kwa mafiga yanayokula gogo zima.

Na kuni ziwe kavu. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa nusu yake ni maji. Moto huo kwanza unachemsha maji yaliyo ndani ya kuni, ndipo upike chakula, na muda wote huo joto liko chini na moshi unafuka. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa chini ya kibanda, hewa ikipita katikati, zinahitaji miezi kadhaa kukauka. Zigonganishe mbili: zikilia kwa sauti kali kama vigongo vya ngoma, zimekauka. Zikitoa sauti nzito, au zikiwekwa motoni zikalia chwiii na kutoa povu mwishoni, bado. Kibanda cha kuni ni zawadi ambayo hakuna anayeipiga picha, lakini inafanya kazi kila siku ya mwaka.

Tufanye hesabu ya mfano ili uone vile hatua hizi zinavyoungana. Chukua jikoni la ukuta wa udongo na paa la mabati, mita tatu kwa tatu, mlango mmoja, dirisha limezibwa. Tuseme wastani wa chembe humo ni 1,000. Unaleta jiko jipya na kuni kavu, moshi unaotoka unapungua nusu: 500. Unafungua mwanya wa juu, hewa inayopita inakuwa mara mbili: 250. Unaweka kofia au bomba linalonasa robo tatu ya moshi: unabaki na kama 60. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwaka usizidi 5, na limeweka 35 kama ngazi ya kwanza kwa nchi zinazoanza safari. Kwa hivyo hata baada ya kazi yote hiyo hujafika, ila umetoka mbali sana, na uko katika sehemu ile ya chini ambako kila unachopunguza kina uzito.

Sasa tuseme mathe anapika nusu ya chakula hapo, na nusu nyingine kwenye mafiga ya kibanda cha nyuma kilichofungwa, chenye moshi wa 1,000 kama zamani. Jumlisha 60 na 1,000, gawanya kwa mbili: 530. Kazi yote ya bomba, mwanya na kuni kavu imeliwa na moto wa pili. Hiyo ndiyo habari ya Mexico kwa hesabu ya darasa la sita.

Kwa hivyo swali la pili, la atapikia nini na wapi, liulize kabla hujatoa pesa. Muulize: "Mathe, ugali wa watu wengi unausonga wapi? Githeri unaichemsha wapi?" Jiko dogo la chuma linayumba ukisonga ugali mgumu, anahitaji lililojengwa chini au lenye miguu mipana. Kama sufuria ya githeri haitoshei, lowesha mahindi na maharagwe usiku kucha ili muda wa moto upungue, na funika sufuria. Kama kuna mtungi mdogo wa gesi, uwe wa chai ya alfajiri na wa kupasha chakula, kwa sababu kila moto wa kuni usiowashwa ni ule moshi mkali wa mwanzo usiovutwa.

Tahadhari moja, na hii inakuhusu hata wewe wa mjini. Jiko la makaa halitoi moshi mwingi wa kuonekana, ndiyo maana watu huliingiza chumbani wakati wa baridi. Lakini linatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Watu hulala wasiamke. Kutouona moshi hakumaanishi hewa ni safi, na jiko la makaa halilali ndani na mtu.

Na kifua ambacho tayari kimeumia? Kuna mambo ya kusikiliza. Kikohozi chenye makohozi kwa miezi mitatu ya mwaka, na mwaka unaofuata tena, madaktari hukiita mkamba sugu. Kuishiwa pumzi kwa kazi ambayo mwaka jana ilikuwa rahisi, na mluzi kifuani wakati wa kupumua, ni dalili za njia za hewa kuwa nyembamba. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, damu kwenye makohozi, kukonda au kutoka jasho usiku vinahitaji kipimo cha kifua kikuu kwanza, kwa sababu magonjwa haya hufanana na moshi haumzuii mtu kupata TB.

Ukimpeleka hospitali, mwambie daktari wazi: "Amepika kwa kuni miaka 30." Wengi huulizwa tu kama wanavuta sigara, wanasema hapana, na habari inaishia hapo. Uliza kama kuna spiromita, kifaa cha kupuliza hewa. Mgonjwa anavuta pumzi yote, kisha anapuliza kwa nguvu hadi mwisho. Kama hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya yote aliyopuliza, hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, basi njia zimeziba. Kilichopotea hakirudi. Dawa za kuvuta hupunguza shida, na kupunguza moshi hupunguza kasi ya kuharibika, kama tulivyoona kwa wale akina mama wa Mexico. Mililita 31 badala ya 62 kila mwaka, kwa miaka 20, ni tofauti ya zaidi ya nusu lita ya pumzi. Hiyo ni tofauti kati ya kufika kanisani kwa miguu na kubebwa.

Kwa wakubwa nao tuna neno. Serikali imesema inataka kila Mkenya afikiwe na upishi safi ifikapo 2028, na ushuru wa ziada wa thamani kwenye gesi uliondolewa mwaka wa 2023 baada ya kurudishwa miaka miwili kabla. Ni hatua. Lakini miradi mingi ya majiko huhesabu majiko yaliyogawanywa, kwa sababu kuhesabu katoni ni rahisi. Tunataka ihesabiwe hewa: ni nyumba ngapi, mwaka mmoja baadaye, ambazo jiko jipya ndilo linalopika ugali, bomba bado liko wazi, na mafiga yamepoa. Kaunti zinazotoa majiko zitoe pia fundi wa kofia na mabomba, na mtu wa kurudi kukagua.

Wewe kwa sasa una likizo inayokuja na labda pesa ya jiko moja. Kabla hujalinunua, piga simu nyumbani uulize jikoni kuna matundu mangapi na yako wapi. Ukifika, tazama mstari wa masizi. Tumia siku ya kwanza kupasua kuni na kujenga kibanda chake, siku ya pili kumleta fundi afungue mwanya na kuweka wavu. Pesa ikibaki, nunua mabati ya kofia. Jiko lije la mwisho, na achague mpishi mwenyewe, akiwa ameshalisonga ugali dukani kwa mikono mitupu aone kama litayumba.